Kosa Lililopoteza Jina: Kipigo cha Ndoa katika Kumbukumbu za Handeni na Korogwe

Utangulizi

Mtu akitaka kuandika historia ya wizi wa ng'ombe, au ya njaa, au ya kodi ya kichwa katika wilaya za Handeni na Korogwe, atapata mahali pa kuanzia. Mashauri yaliandikwa, hesabu zilitunzwa, watawala walipeleka taarifa zao Tanga na Dar es Salaam. Lakini akitaka kuandika historia ya mwanamke aliyepigwa na mumewe katika wilaya hizo hizo, atafungua daftari baada ya daftari na kukuta karibu ukimya mtupu. Atakuta "ugomvi wa ndoa". Atakuta "mke amemkimbia mume". Atakuta dai la kurudishiwa mahari. Neno "kosa", kwa maana ya jinai, atalikuta kwa nadra sana.

Katika makala hii hatuna nia ya kusema ni wanawake wangapi hasa walipigwa. Tunataka kuuliza jambo lililo jembamba zaidi: kosa hili lilipotezaje jina lake? Ni kwa hatua zipi kipigo kilichoacha jeraha mwilini kiligeuka kuwa kutoelewana katika karatasi? Tukishaziona hatua hizo, ndipo tutakapoweza kupima maelezo mawili yanayoshindana kuhusu chanzo cha jambo hili: maelezo yaliyozoeleka, na yale ya wanawake wanaharakati wanaosema juu ya mfumo dume.

Tuliohudumu sharikani tunalo deni la pekee katika swali hili, kwa sababu baadhi ya daftari zilizo kimya ni zetu wenyewe.

Ulinzi wa ukoo na kupotea kwake

Wazigua wa Handeni wamehesabu ukoo kwa upande wa mama kwa muda mrefu, ingawa desturi za upande wa baba na sheria ya Kiislamu zimechanganyika nazo. Washambaa, ambao wamekaa milimani na kushuka hadi mabonde ya Korogwe, huhesabu ukoo kwa upande wa baba. Pamoja na tofauti hiyo, watu wote wawili, kama majirani wao wengi, walikuwa na njia moja iliyo wazi kwa mke aliyeteswa: kukimbilia kwao. Huko alikuwapo mjomba au kaka au baba. Mume alipaswa kuja mwenyewe, kueleza mbele ya wazee alichotenda, na mara nyingi kutoa kitu ndipo arudishiwe mke.

Tusiipambe desturi hii. Haikumkataza mume kupiga. Ilimkataza kupita kiasi, na kiasi hicho kilipimwa na wanaume. Wala mke hakuwa mlalamikaji kwa haki yake mwenyewe. Ukoo wake ndio uliolalamika. Lakini jambo moja ni la kweli: kipigo hakikuwa siri. Kilisemwa hadharani, mbele ya koo mbili, na aliyetenda alitajwa kwa jina.

Ulinzi huo ulitegemea ukaribu. Ukoo uliweza kumlinda binti yake kama ulikuwa hai, una chakula, na unafikika kwa miguu. Mwishoni mwa karne ya 19 masharti hayo yalianza kuvunjika. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya kaskazini mashariki ya Tanzania, ameonyesha jinsi watu wa Uzigua walivyoathiriwa na njaa za wakati ule, ikiwamo ile ya nzige ya miaka ya 1894 hadi 1896, na jinsi wanawake na watoto walivyowekwa rehani kwa wenye nafaka. Mwanamke aliyewekwa rehani aliingia nyumba ya mtu asiyekuwa na deni lolote kwa mjomba wake. Maoni yetu ni kwamba hapo ndipo pa kuanzia: si mila iliyoanza kumficha, bali kukatika kwa mila bila kitu kingine kushika nafasi yake.

Kisha ikaja reli. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, na njia ikafika Korogwe mwaka 1902. Kandokando ya reli yakaenea mashamba ya mkonge, zao ambalo Richard Hindorf alilileta katika nchi hii mwaka ule ule wa 1893. Mashamba hayo yalivuta vibarua kutoka mbali, na walioajiriwa kwa mkataba waliitwa manamba. Wengi walikuja bila wake. Walioishi na wanawake kambini, mara nyingi waliishi nao pasipo mahari wala wazee wa pande mbili. Mwanamke wa namna hiyo akipigwa hakuwa na kwao karibu, na mbele ya baraza la wenyeji hakuwa hata mke anayetambulika. Kwa nyapara, jambo lililohesabiwa lilikuwa siku ya kazi. Yaliyotendeka usiku chumbani hayakuwa na safu katika daftari lake.

Baraza, madai na jinai

Serikali ya Waingereza ilipojenga utawala wa kupitia wenyeji katika miaka ya 1920, mazumbe walipewa mahakama zao. Mahakama hizo zilikuwa na uwezo wa kusikiliza makosa madogo ya jinai na pia madai ya mila. Hapa ndipo tunapoikuta hatua ya kwanza ya kupoteza jina.

Kipigo cha ndoa kilikuwa na sura mbili. Kwa sura moja kilikuwa shambulio, yaani kosa dhidi ya amani ya nchi. Kwa sura nyingine kilikuwa sababu ndani ya shauri la ndoa: mke anataka kuachwa, mume anataka mke au mali yake irudi. Sura ya pili ndiyo iliyoshinda, kwa sababu inaeleweka. Watu waliokuwa na nguvu ya kuleta shauri barazani, yaani mume na wazee wa mke, walikuwa wakibishania mahari. Jeraha la mke likawa ushahidi katika shauri la watu wengine. Shauri likiisha, karani aliandika matokeo ya mali: imerudishwa, haikurudishwa, imepunguzwa. Jeraha halikuwa na mahali pa kuandikwa.

Mtafiti wa leo asidanganyike na ukimya huo. Akitaka kuona kipigo, asiangalie kichwa cha shauri bali maelezo ya mashahidi. Asitafute neno "shambulio" bali atafute mke aliyerudi kwao mara mbili au tatu katika mwaka mmoja. Mke anayetoroka mara kwa mara na kurudishwa mara kwa mara ndiye alama ya wazi kuliko zote.

Sheria ya mwaka 1971 na kikwazo ndani yake

Baada ya Uhuru, mahakama za mazumbe ziliondolewa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ikaweka Mahakama za Mwanzo mahali pake. Kisha Bunge likatunga Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 66 cha sheria hiyo kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vinginevyo. Kwa nchi ya wakati ule hilo lilikuwa neno zito. Kuanzia hapo hapakuwa tena na swali la kiasi.

Lakini kifungu hicho kinatangaza tu kwamba haki hiyo haipo; chenyewe hakikuweka adhabu. Anayetaka adhabu lazima aende kwenye Kanuni za Adhabu, ambako shambulio lenye kudhuru mwili, chini ya kifungu cha 241, linaweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka mitano. Na anayetaka talaka hukutana na kifungu cha 101, kinachosema kwamba, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa, ombi la talaka halifiki mahakamani kabla shauri halijapita katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kifungu cha 102 kinampa Waziri uwezo wa kulitambua baraza la jumuiya ya dini kuwa Baraza la namna hiyo. Hivyo Waislamu, walio wengi Handeni, hupita BAKWATA. Na Wakristo wengi hupita kwa wazee na wachungaji wao.

Wasomaji waone kilichotokea. Kwa mlango mmoja sheria inasema kipigo si haki. Kwa mlango wa pili, ulio karibu zaidi na nyumba ya mke na usiohitaji nauli, inamkabidhi mke huyo kwa chombo ambacho kazi yake kwa jina lake ni kusuluhisha. Hata akifika katika mahakama ya wilaya kwa jinai, kifungu cha 163 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 kinairuhusu mahakama kuhimiza mapatano katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya binafsi yasiyo mazito. Suluhu ni jambo jema kati ya watu wawili waliokoseana. Lakini hapa imekuwa chujio.

Njia ya shauri moja

Ili jambo hili lisibaki katika vifungu, tufuate mfano mmoja. Si habari ya mtu fulani. Tumeutunga kutokana na njia yenyewe ilivyo.

Mama mmoja katika kijiji kilicho mbali na Handeni mjini amepigwa usiku wa Jumamosi. Mkono wake umevimba. Wa kwanza kujua ni jirani aliyesikia, naye hanyanyuki, kwa kuwa ya ndani hayamhusu. Jumapili hafiki ibadani; ataulizwa, naye atasema anaumwa, na hilo si uongo. Jumatatu anakwenda kwa mama mkwe, ambaye anamweleza kwamba naye alivumilia. Jumanne anakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti anamfahamu mume. Wanalima mashamba jirani. Anawaita wote wawili, mume anaomba radhi, na shauri linaisha bila karatasi.

Mkono haujapona. Anakwenda zahanati. Mganga anaona ni jeraha la kupigwa, na kwa utaratibu uliozoeleka kwa muda mrefu anatakiwa alete kwanza fomu ya polisi namba tatu, iitwayo PF3. Kituo cha polisi kiko mjini. Nauli iko mfukoni mwa mume. Mama anamwambia mganga kwamba alianguka kisimani, na mganga anaandika hivyo. Hapo jeraha limepata jina jipya katika daftari la serikali: ajali.

Baada ya mwezi anapigwa tena, anakimbilia kwao. Mume anakwenda kwa mchungaji kulalamika kwamba mke ameiacha ndoa. Wazee wa usharika wanaketi. Katika kitabu chao wanaandika habari ya mke aliyeondoka, kwa maana kuondoka kunaonekana na kila mtu, bali kipigo hakikuonekana na yeyote. Aliyetendewa ameingia katika kumbukumbu za Kanisa kama mtuhumiwa.

Tuhesabu watu waliojua: jirani, mama mkwe, mwenyekiti, mganga, mchungaji, wazee. Pengine watu kumi. Kosa lilijulikana kwa watu kumi na halikuandikwa na hata mmoja. Hii ndiyo maana ya kusema kosa lililofichika: haimaanishi kosa lisilojulikana, bali kosa lisilopewa jina lake na wale wenye kalamu.

Namna ya kuhesabu kisichoandikwa

Tangu karne ya 19 Adolphe Quetelet wa Ubelgiji alikwisha kuona kwamba makosa yanayojulikana ni sehemu tu ya makosa yanayotendwa. Aliamini kwamba uwiano kati ya sehemu hizo mbili haubadiliki sana. Kwa kosa la nyumbani imani hiyo haisimami. Mwaka ambao kituo cha polisi kinafungua dawati la jinsia, kama Jeshi la Polisi lilivyoanza kufanya mwishoni mwa miaka ya 2000, mashauri yataongezeka katika daftari hata kama vipigo havikuongezeka.

Njia iliyo bora ni kuwauliza wanawake wenyewe, lakini namna ya kuuliza ndiyo kila kitu. Shirika la Afya Duniani lilifanya uchunguzi katika nchi kumi na kuchapisha taarifa yake mwaka 2005. Tanzania ilikuwamo, kwa Dar es Salaam na wilaya ya Mbeya. Wahojaji walikuwa wanawake. Katika kila nyumba alihojiwa mwanamke mmoja tu, peke yake. Wala hakuulizwa kama ameonewa; aliulizwa juu ya matendo: je, amewahi kupigwa kofi, kusukumwa, kupigwa ngumi, kukabwa shingo? Maana mwanamke aliyefundishwa kwamba kofi si kuonewa atakana swali la kwanza na kukubali la pili.

Kwa namna hiyo wanawake 41 katika kila 100 waliowahi kuwa na mume au mwenzi Dar es Salaam, na 56 katika kila 100 Mbeya, walisema wamewahi kutendewa jeuri ya mwili au ya kingono na mwenzi wao. Katika sehemu mbalimbali za uchunguzi huo wote, kati ya wanawake 55 na 95 katika kila 100 waliopigwa hawakuwahi kutafuta msaada kwa ofisi yoyote wala kwa mtu mwenye mamlaka, awe askari, kiongozi wa kijiji au kiongozi wa dini. Hatuna haki ya kuzihamisha hesabu za Mbeya na kuzibandika Handeni. Lakini tunayo haki ya kusema kwamba daftari tupu halithibitishi nyumba yenye amani.

Maelezo mawili

Sasa tunaweza kuuliza chanzo. Maelezo yaliyozoeleka, ambayo husikika barazani na pia katika vitabu vingi vya elimu ya jamii, humtazama mtu na hali yake: pombe, umaskini, wivu, malezi mabaya, mila. Huko Marekani wasomi Murray Straus na Richard Gelles, tangu miaka ya 1970, waliitazama familia yenyewe kuwa mahali pa migongano, ambamo kila mmoja aweza kumpiga mwenzake. Walihesabu matendo ya kila upande, nao wakakuta wanawake pia hupiga.

Wanawake wanaharakati walijibu kwamba kuhesabu matendo bila kuuliza ni nani aliyejeruhiwa, ni nani aliyeogopa na ni nani asiyeweza kuondoka, ni kupima mvua bila kutazama ni nyumba ya nani iliyobomoka. Rebecca na Russell Dobash, katika kitabu chao cha mwaka 1979, walisema kipigo si ajali ya hasira, bali ni chombo cha kudumisha mamlaka ya mume, ambacho sheria na dini zilikilea. Katika nchi yetu, vyama kama TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, vililitoa jambo hili chumbani na kulipeleka gazetini.

Tuyapime maelezo haya kwa mfano wetu. Pombe inaweza kueleza kwa nini mkono uliinuka usiku ule. Haielezi kwa nini mlevi yule yule hampigi mwenyekiti wala mwajiri wake. Wala haielezi ukimya wa watu kumi, ambao hawakuwa wamelewa. Kwa habari ya kufichika, maelezo ya wanaharakati yana nguvu zaidi: kosa hupotea kwa sababu mwenye kulalamika humtegemea kwa chakula, nauli na heshima yule yule anayemlalamikia, na kwa sababu wenye kalamu huketi upande wake.

Hata hivyo maelezo hayo nayo yana mpaka. Kama mamlaka ya mume ndiyo sababu pekee, kwa nini waume wengi chini ya sheria na mila zile zile hawapigi? Kwa nini Mbeya imezidi Dar es Salaam? Na tufanye nini na mama mkwe wa mfano wetu? Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010, wanawake 54 katika kila 100 walikubali kwamba zipo sababu zinazompa mume haki ya kumpiga mkewe. Kwa wanaume walikuwa 38 tu. Mwanaharakati atajibu, kwa haki, kwamba aliyetawaliwa hujifunza lugha ya mtawala. Lakini historia ya Uzigua inatufundisha kuongeza neno: hali ya mwanamke ilitofautiana kwa kadiri alivyokuwa na watu wa kumsimamia. Lori Heise, katika makala yake ya mwaka 1998, alishauri kuyapanga maelezo haya kama duara ndani ya duara, mtu ndani ya nyumba, nyumba ndani ya jamii, jamii ndani ya taifa. Kwa historia ya Handeni na Korogwe mpango huo unafaa, mradi tusiutumie kumwondolea mtu hatia yake kwa kuigawa kwa duara zote.

Kalamu yetu

Tumalizie kwa meza yetu wenyewe. Wazee wa Kanisa hupenda kufuata Mathayo 18: mwendee ndugu yako, mseme naye ninyi wawili peke yenu. Maneno hayo yanadhani ndugu wawili wanaoweza kusimama uso kwa uso. Kumrudisha mke aliyepigwa aende akaseme na mumewe peke yao chumbani ni kulitumia Neno mahali pasipo pake. Na katika kifungu hicho hicho hatua ya pili ni mashahidi, na ya tatu ni kuliambia kanisa. Sisi tumezoea kuishia hatua ya kwanza, na kuiita amani.

Luther alifundisha kwamba ndoa ni jambo la kidunia, lililo chini ya serikali katika mambo ya sheria. Mlutheri hana basi sababu ya kudhani kwamba kumsindikiza mama hadi kituo cha polisi ni kulisaliti Kanisa. Msamaha hutangazwa madhabahuni. Jeraha huandikwa katika fomu. Hakuna kati ya hayo mawili linalofuta lingine.

Yeyote kati ya wasomaji wetu aliye na ufunguo wa kabati la usharika na afungue kitabu cha marudi cha miaka iliyopita. Atafute majina ya wanawake waliotengwa kwa kuwaacha waume zao. Kisha, kama wangali hai, awatembelee na kuwauliza swali ambalo wazee hawakuliuliza siku ile: ulikuwa unakimbia nini? Majibu yao yaandikwe pembeni ya majina hayo.